Ratiba ya Chakula Isiyomjua Mlaji

“Naomba ratiba ya chakula ya wiki kwa familia yangu.” Ombi hili humfikia afisa lishe wa halmashauri, muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, mwalimu wa mapishi, na hata shangazi anayesifika kwa mkono wake jikoni. Huja kwa heshima, mara nyingi kwa ujumbe wa simu, wakati mwingine ana kwa ana baada ya mtoto kupimwa na kuonekana uzito wake haupandi. Nia yake ni njema. Lakini halisemi wanakula watu wangapi, hela ya kula ni kiasi gani, nani ana mzio wa chakula gani, wala kinachopikiwa ni mkaa, gesi au jiko la umeme.

Hata hivyo majibu hayakosekani. Ziko ratiba zinazozunguka kwenye makundi ya simu tangu miaka iliyopita, zimechorwa vizuri katika visanduku kuanzia Jumatatu hadi Jumapili: asubuhi mayai, mkate na maziwa, mchana wali, samaki na mboga za majani, usiku kuku wa kuoka, viazi na saladi, katikati karanga na tunda. Kila sanduku limejaa, na ukisoma harakaharaka huoni kosa. Ukiipeleka ratiba hiyo kwenye nyumba halisi, siku ya tatu imeshaachwa.

Ili kuona inavunjika wapi, tuchukue nyumba moja ya mfano, ya aina ambayo mtu anaweza kuikuta Tabata, Mbagala au Kimara jijini Dar es Salaam. Wanaishi watu saba: baba, mama, bibi aliyepita miaka 60, kijana wa kiume wa miaka 16, binti wa miaka 10, mtoto wa kiume wa miaka 4, na dada wa kazi wa miaka 20. Baba na mama hutoka alfajiri na kurudi jioni. Binti hula mchana shuleni. Kijana anasoma sekondari ya kutwa na hurudi saa kumi akiwa na njaa. Bibi, dada na mtoto mdogo hushinda nyumbani.

Swali la kwanza ni la idadi, na linaonekana jepesi: watu saba. Lakini vichwa saba si sahani saba zilizo sawa. Mtoto wa miaka 4 hawezi kula kama baba, na kijana wa miaka 16 humpita baba huyo bila shida. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi, hutumia kipimo kinachomchukua mwanamume wa miaka 19 hadi 59 kuwa moja kamili, kisha kuwalinganisha wengine naye. Mwanamke wa umri huo huhesabiwa 0.88. Bibi wa miaka 60 na zaidi ni 0.72. Kijana wa kiume kati ya miaka 15 na 18 ni 1.20. Mtoto wa miaka 9 au 10 ni 0.76, na wa miaka 3 au 4 ni 0.48.

Kipimo hiki kilitengenezwa kwa ajili ya takwimu, lakini jikoni kinafaa pia. Baba ni 1.00, mama 0.88, dada 0.88, bibi 0.72, kijana 1.20, binti 0.76 na mdogo wao 0.48. Jumla ni 5.92. Nyumba ya watu saba inakula kama watu wazima sita.

Hiyo ni hesabu ya chakula cha usiku, wote wakiwa nyumbani. Mchana wa siku za kazi hubaki bibi, dada na mtoto, kisha kijana anayekuja saa kumi: jumla 3.28. Kwa maneno mengine, sufuria ya mchana ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya usiku, na Jumamosi na Jumapili inarudi kuwa 5.92. Tukijumlisha chakula cha mchana na cha usiku kwa wiki nzima, nyumba hii inahitaji milo karibu 70 ya mtu mzima.

Sasa mpangaji aliyeambiwa “tuko saba” tu, bila umri wala ratiba za watu kutoka na kurudi, atazidisha saba kwa milo miwili kwa siku saba, apate 98. Tofauti ni milo 28. Ikiwa kila mlo una gramu 150 za nafaka, hizo ni zaidi ya kilo nne za unga na mchele kila wiki ambazo ama hazitapikwa, ama zitapikwa na kumwagwa. Upande wa pili kuna ratiba zilizoandikwa kwa familia ya watu wanne, ambazo ndizo nyingi mno mitandaoni. Wanne kwa milo kumi na minne ni 56. Nyumba yetu ikinunua chakula kwa kufuata ratiba hiyo na kula kawaida, siku tano za kazi zitamaliza 46. Jumamosi mchana itachukua karibu sita. Jumamosi usiku sufuria haitatosha, na Jumapili hakutakuwa na kitu.

Kwa hiyo dalili ya kwanza ya ratiba iliyokosea idadi haijifichi. Vyakula vikiisha kabla ya wiki kwisha ilhali bei hazikubadilika, au sufuria ikirudi na ukoko mwingi na wali uliobaki kila mchana, tatizo haliko kwa mpishi. Mpangaji alihesabu watu wengine.

Kutokana na kipimo hicho vipimo vya jikoni vinajitokeza vyenyewe. Ugali unahitaji takriban gramu 170 za unga kwa mtu mzima mmoja, hivyo ugali wa usiku katika nyumba hii ni kilo moja ya unga. Wali ukihesabiwa gramu 130 za mchele kwa kila mlo wa mtu mzima, usiku ni kama robo tatu ya kilo na mchana ni chini kidogo ya nusu kilo. Maharage makavu gramu 60 kwa kila mmoja yanafika gramu 350 hivi, ambayo yakiiva huongezeka uzito kwa zaidi ya mara mbili. Nyumba yenye wapiga jembe au wabeba mizigo itazidisha, na yenye wazee watupu itapunguza, lakini mpangaji sasa ana mahali pa kuanzia.

Swali la pili ndilo pekee ambalo kulikisia kunaweza kuua. Kukosea idadi ya watu kunaleta njaa au uharibifu, na kukosea bajeti kunaleta deni dukani. Kukosea mzio wa mtoto wa miaka minne kunaweza kumpeleka hospitali akiwa hapumui vizuri.

Tuseme mtoto huyo ana mzio wa karanga. Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula: vipele vikubwa vinavyowasha, midomo au macho kuvimba, kutapika, kukohoa au kupumua kwa mlio. Anayebanwa pumzi au kulegea ni mgonjwa wa dharura na hupelekwa hospitali papo hapo. Hakuna muda wa kusubiri kuona kama maziwa au maji ya madafu yatamsaidia.

Mama akiulizwa kwa ujumla kama kuna chakula ambacho mtoto hawezi kula, huenda akajibu kwamba hapewi karanga, basi. Mpangaji mzoefu hatosheki na jibu hilo, kwa sababu karanga za jikoni kwetu mara nyingi hazionekani kama karanga. Zimo kwenye mchicha wa karanga na kisamvu. Zimo kwenye kashata. Zimo kwenye unga mwingi wa lishe unaouzwa kwa uji wa watoto, ambao husagwa pamoja na mahindi, ulezi na soya. Mashine ya mtaani iliyosaga karanga za jirani asubuhi husaga mahindi ya uji wako mchana. Mwiko uliokoroga kisamvu cha wakubwa ukahamia kwenye sufuria ya mtoto umebeba karanga pia. Ratiba inayoandika “uji wa lishe” bila kueleza uji wa nini imeficha hatari ndani ya neno la kawaida.

Nyumba hii basi ihamie kwenye nazi: mchicha wa nazi, kisamvu cha nazi, samaki wa nazi. Mzio wa nazi upo, ila ni nadra. Korosho haifai kushika nafasi ya karanga bila ushauri wa daktari, kwani baadhi ya wenye mzio wa karanga hupata shida na korosho na jamii yake, na ufuta nao una wenye mzio wake. Kwa upande mwingine, hofu isizidi kipimo. Karanga ni ndugu wa maharage, kunde na choroko, lakini watu wengi wenye mzio wa karanga hula jamii hizo bila madhara. Mtoto ambaye amekuwa akila maharage siku zote na hadhuriki hapaswi kunyang’anywa maharage eti kwa sababu yako ukoo mmoja na karanga. Kufanya hivyo ni kumwondolea protini nafuu kuliko zote nyumbani.

Bibi naye anasema maziwa yanamkataa: tumbo hujaa gesi, hunguruma, wakati mwingine huharisha. Familia nyingi huliita hilo mzio, na mpangaji asiyeuliza zaidi ataandika “bibi: maziwa marufuku”. Kinachowapata wazee wengi ni kwamba utumbo wao hautengenezi tena vya kutosha kile kimeng’enya kinachovunja sukari ya maziwa. Mtu wa namna hiyo mara nyingi humudu mtindi, kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo, na humudu maziwa kidogo ndani ya chai. Mzio wa kweli wa maziwa ni jambo jingine kabisa. Unatokana na mwili kushambulia protini ya maziwa, na protini hiyo imo kwenye mtindi vilevile. Mtu mwenye mzio huo akipewa mtindi kwa kudhani ni tumbo tu, anaumia.

Ndiyo maana swali zuri halisemi “nani ana mzio?” peke yake. Linauliza nani aliwahi kudhurika na chakula, alikula nini, ilitokea baada ya muda gani, na alionekanaje. Majibu manne hayo yanatenganisha mzio na tumbo linalosumbuka, na yanatenganisha vyote viwili na mtoto asiyependa bamia. Kisha ndipo yaulizwe magonjwa kama kisukari na shinikizo la damu, na miiko ya dini, ambayo nayo huamua kilicho halali kuingia sufuriani.

Swali la tatu ni jiko, na hapa ndipo ratiba nyingi zilizonakiliwa kutoka kwenye vitabu vya nchi za mbali zinaposambaratika. Kuku wa kuoka anahitaji tanuri. Supu ya Jumatatu itakayoliwa Jumanne inahitaji jokofu. Mlo wenye wali, maharage, samaki na mboga, vyote vya moto kwa wakati mmoja, unadai mafiga manne au ufundi mkubwa wa kupanga muda.

Nyumba yetu ina jiko la plati moja juu ya mtungi wa gesi wa kilo 6, na jiko la mkaa la akiba. Haina jokofu. Serikali imeweka Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati hiyo ifikapo 2034, na mitungi midogo kama huu imeenea mijini. Lakini kuwa na mtungi si sawa na kuweza kuchemsha chochote kwa muda wowote. Plati moja yenye moto mkali hutumia takriban gramu 150 hadi 200 za gesi kwa saa, hivyo mtungi wa kilo 6 hutoa kama saa 30 hadi 40 za moto wa namna hiyo. Maharage makavu yasiyolowekwa yanaweza kukaa motoni saa mbili au zaidi. Ratiba inayopanga maharage siku tano kwa wiki, bila kutaja kuloweka, inakula mtungi kabla mwezi haujafika katikati, na mama wa nyumba atalaumiwa kwamba anafuja gesi.

Mpangaji aliyeuliza kuhusu jiko hufanya mambo mawili. Kwanza, anaandika “loweka maharage” kwenye sanduku la jana yake usiku, si kwenye sanduku la siku ya kupika. Yakilala majini, maji hayo yakamwagwa, yanaiva kwa muda mfupi zaidi. Maharage mekundu yana pia sumu ya asili inayoharibiwa na moto mkali, kwa hiyo baada ya kulowekwa lazima yatokote kwa nguvu dakika kumi au zaidi kabla ya kupunguziwa moto. Maharage yaliyopikwa kwa moto hafifu tangu mwanzo yanaweza kutapisha nyumba nzima. Pili, anabadilisha baadhi ya siku za maharage kuwa za choroko au dengu zilizokobolewa, ambazo huiva upesi zaidi na hazilazimu kulowekwa.

Kukosekana kwa jokofu kunagusa jambo nyeti, kwa sababu kiporo ni sehemu ya maisha. Wali wa jana na chai ya rangi ndiyo staftahi ya nyumba nyingi, na wengi wamekua nao. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Wali una hatari yake mahususi: kuna bakteria ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa, huchipuka wali ukiwa vuguvugu, na hutoa sumu ambayo haiondoki hata wali ukikaangwa upya asubuhi. Tui la nazi nalo huchacha haraka katika joto la Pwani. Pasipo jokofu, ratiba haiwezi kutegemea kiporo. Inapaswa kupika kiasi kinacholiwa na kwisha, na hapo tunarudi kwenye ile hesabu ya 5.92 na 3.28. Aliyehesabu watu vizuri hana kiporo kingi cha kuhangaikia.

Lakini yuko kijana wa saa kumi. Mchana wapishi hupakua saa saba, na sahani yake ikifunikwa mezani inakaa saa tatu kwenye joto la Dar es Salaam. Nyumba hii ina njia mbili. Njia ya kwanza ni kusogeza chakula cha mchana hadi saa nane na nusu, na kumpa mtoto na bibi kitu chepesi saa tano, kama ndizi mbivu au kiazi kitamu. Ya pili ni hotipoti: inamiminiwa maji yanayochemka, inafunikwa dakika chache, maji yanamwagwa, kisha chakula kinatiwa kikiwa cha moto kabisa na kuijaza, maana hotipoti iliyojaa nusu hupoa upesi. Chakula kikitoka bado kinafuka mvuke, ni salama. Kikiwa vuguvugu, njia hiyo haijafaulu.

Pesa huja ya nne, ingawa wengi wangeitanguliza. Sababu ya kuichelewesha ni kwamba kiasi hakisemi kitu mpaka kijulikane kinagawanywa kwa vinywa vingapi. Utafiti uleule wa Kaya Binafsi wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa chakula kuwa Sh 33,748 kwa mwezi kwa kipimo cha mtu mzima mmoja. Kwa nyumba ya 5.92 hiyo ni karibu Sh 200,000 kwa mwezi, au kama Sh 6,700 kwa siku, kwa bei za wakati ule. Mstari huo ni sakafu ya kuepuka njaa tu. Haukuwekwa kuwa bajeti ya kula vizuri, na bei zimepanda tangu hapo. Faida yake ni ya ukaguzi: mtu akisema ana Sh 5,000 kwa siku kwa nyumba hii, mpangaji anajua mara moja kwamba hakuna ratiba yenye kuku na samaki itakayosimama, na kwamba kazi ya kwanza ni kushibisha kwa nafaka, kunde na mboga za majani.

Jambo la pili katika pesa ni jinsi inavyoingia. Mwenye mshahara hununua mchele, unga, sukari na mafuta mwisho wa mwezi, na kila siku anaacha hela ya mboga. Anayelipwa kwa siku hununua unga wa robo, mafuta ya kupima na fungu la nyanya, na kwa kawaida hulipa zaidi kwa kilo ileile. Ratiba ya wa kwanza inaweza kusema “wiki ya kwanza nunua sado la maharage”. Ratiba ya wa pili ikisema hivyo haitatekelezwa hata siku moja.

Tuseme nyumba yetu ni ya mshahara, ghala dogo la mwezi limeshanunuliwa, na hela ya mboga ni Sh 12,000 kwa siku. Tuipange Jumatatu usiku kwa bei za mfano, kila msomaji abadilishe kwa bei za soko lake. Unga kilo moja unatoka ghalani. Dagaa robo kilo, Sh 2,500. Mchicha mafungu matatu, Sh 1,500. Nazi moja, Sh 1,500. Nyanya na vitunguu, Sh 1,500. Papai la kugawana, Sh 2,000. Jumla ni Sh 9,000, na Sh 3,000 zinabaki kwa choroko za mchana na mahitaji ya asubuhi. Mlo huo umegusa makundi yote sita ya chakula yanayotajwa kwenye mwongozo wa kitaifa wa ulaji: nafaka, kunde, chakula cha asili ya wanyama, mboga, matunda na mafuta. Karanga hazimo. Unapikika kwenye plati moja kwa mfuatano unaojulikana: choroko ziliiva mchana, jioni dagaa hutangulia, mchicha wa nazi hufuata, ugali humalizia ili uliwe wa moto. Kuku mzima angeweza kumaliza hela yote ya siku kabla mchicha haujanunuliwa, kwa hiyo kuku anangoja Jumapili, siku ambayo hela ya siku mbili imekusanywa na watu wote wako nyumbani mchana.

Ukilinganisha Jumatatu hii na ile ya ratiba ya mitandaoni, tofauti haiko kwenye ujuzi wa lishe. Aliyeandika ya mitandaoni huenda anafahamu vitamini kuliko mtu yeyote mtaani. Tofauti ni majibu manne aliyoyakosa.

Na ombi lenyewe halihitaji kurefuka sana ili liyabebe. Mama wa nyumba hii angeweza kuandika hivi: “Tuko saba: watu wazima watatu wa makamo, bibi, kijana wa miaka 16, binti wa 10, mtoto wa 4. Mchana siku za kazi wanakula wanne, usiku wote. Mtoto wa 4 akila karanga anavimba midomo baada ya dakika kumi. Bibi maziwa yanamjaza gesi. Tuna gesi ya plati moja na jiko la mkaa, hatuna jokofu, wa kupika mchana yupo. Unga, mchele na mafuta tunanunua kwa mwezi; hela ya mboga ni elfu kumi na mbili kwa siku.” Mpangaji yeyote anayejua kazi yake anaweza kuanza kuandika bila kuuliza tena.

Wapo waombaji ambao hawatajibu. Wengine huona aibu kutaja hela, na wengine wametuma ujumbe mmoja na hawaonekani tena. Mpangaji aliye katika hali hiyo ana njia ya uaminifu. Anaandika juu kabisa mambo aliyoyachukua kuwa kweli: watu wazima wanne, plati mbili, jokofu hakuna. Badala ya chakula kimoja katika kila sanduku anaweka vitatu vya bei tofauti, kwa mfano dagaa, mayai au nyama. Kila pishi lenye karanga, maziwa, mayai, samaki, ngano au soya analiwekea alama, ili mwenye mzio alifute kabla ya kwenda sokoni. Kiasi anakiandika kwa mtu mzima mmoja, nyumba izidishe yenyewe. Ratiba ya namna hiyo haivutii kama ile ya visanduku vilivyojaa, lakini haimdanganyi mtu.

Wiki ya kwanza ikiisha, nyumba inarudisha taarifa nne kwa aliyepanga: nini kilibaki sufuriani na siku gani, nini kiliisha kabla ya siku yake, mtungi au mkaa ulikwenda kiasi gani, na kama kuna aliyeumwa baada ya kula. Nyumba yetu ya mfano huenda ikaripoti kwamba ugali wa kilo moja ulibaki kila Alhamisi, kwa sababu baba huchelewa kazini siku hiyo na hula njiani. Basi Alhamisi sufuria inashuka hadi 4.92, unga unapungua gramu 170, na zile zilizookolewa zinaingia kwenye uji wa asubuhi ya Ijumaa.